Mhuri wa "Imepokelewa" ulivyonigombanisha na Mama Mwalimu

Mimi ni karani wa mikopo kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo huku Kilombero. Wanachama wetu ni walimu, wauguzi na wakulima wa mpunga, na wengi wao ni vyote viwili, maana mwalimu wa huku asiye na shamba ni wa kumtafuta. Kazi yangu inaanzia dirishani. Napokea fomu ya mkopo, naigonga mhuri, naiandika kwenye rejesta, naiweka kwenye trei isubiri kikao cha kamati ya mikopo.

Kwa miaka mitatu mwanachama akishanikabidhi fomu nilikuwa namwambia maneno yale yale: "Tumepokea, tutakujulisha." Nilidhani ni jibu zuri.

Msimu mmoja, Novemba inakatika, alikuja mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima wa umri wa mama yangu. Nikamwamkia, akaitikia kwa mbali, halafu akatoa kwenye pochi nakala ya fomu yake iliyokunjwa mara nne. Aliileta wiki tatu nyuma. Alikuwa ameshaongea na mwenye trekta, zamu yake ya kulimiwa ilikuwa imepita, na trekta lilikuwa limehamia kijiji kingine. Nikaitafuta fomu yake. Ilikuwa kwenye trei, chini kabisa, haijaenda kikao chochote. Ukurasa wa tatu, mdhamini wa pili alikuwa ameandika jina na namba ya uanachama, ila hakusaini.

Nikamweleza. Akanitazama, akaweka kidole juu ya ule mhuri kwenye nakala yake. "Mwanangu, hapa pameandikwa imepokelewa. Kama ina kasoro, mmepokea nini?"

Sikuwa na la kujibu. Mpunga wake aliupanda amechelewa mwaka ule, na kila nikipita barabara ya shamba lake nilikuwa nageuza uso.

Kosa nililiona usiku ule nikiwa nimelala macho. Kwangu mimi kupokea kulimaanisha karatasi imevuka dirisha. Kwake yeye kulimaanisha maombi yameanza safari. Ni mambo mawili tofauti, na nilikuwa nayafunika kwa neno moja. Tena kuna la tatu, baya zaidi: wapo wanaosikia "tumepokea" wakaelewa "tumekubali". Bwana mmoja tulimtumia meseji kwamba maombi yake "yamepokelewa vizuri". Akaenda nayo duka la vifaa vya ujenzi akachukua mabati kwa mkopo. Hilo "vizuri" nililiongeza mimi kwa adabu tu.

Nilianza na mhuri wenyewe. Nilimwomba meneja tuchonge mwingine, uwe na mstari wa pili chini ya tarehe: IMEPOKELEWA, na chini yake HAIJAKAGULIWA. Alisema unatisha. Nikamwambia ndiyo, na utishe. Baada ya hapo nikagawa jibu letu mara mbili. La kwanza linatoka siku ile ile fomu inapofika, na linasema tu kwamba karatasi iko kwetu na lini tutaikagua. La pili linatoka baada ya ukaguzi, nalo ndilo linalosema imekamilika na inaingia kikao cha tarehe fulani, au ina upungufu, na upungufu wenyewe ni upi.

Kilichonisumbua kuliko nilivyotegemea ni tarehe. Mwanzoni niliandika "ndani ya siku 7 za kazi". Simu hazikupungua hata moja. Mkulima mmoja alikuja siku ya saba akihesabu Jumamosi na Jumapili, na nilipomweleza maana ya siku za kazi akacheka: shamba lake halijui wikendi. Mwingine alihesabu kuanzia siku aliyojaza fomu nyumbani, wala si siku aliyoileta. Nikaacha kuhesabisha watu. Sasa nahesabu mwenyewe ofisini, halafu namwandikia mtu siku kwa jina lake na tarehe yake.

Na hesabu yenyewe naifanya kwa kurudi nyuma kutoka kwenye kikao. Kamati yetu hukaa Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Majalada hufungwa Ijumaa ya wiki inayotangulia ili wajumbe wapate muda wa kuyasoma. Kwa hiyo mtu mwenye upungufu lazima ajue si chini ya siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, la sivyo namtumia habari asiyoweza kuifanyia kazi. Ndiyo maana ukaguzi wangu una mwisho Jumatano, saa 10 jioni. Uamuzi natoa Jumatatu baada ya kikao, kwa sababu Ijumaa muhtasari unakuwa bado haujasainiwa.

Mwaka uliofuata Mama Mwalimu alirudi. Safari hii alikuja mapema, Jumatatu tarehe 2 Desemba. Fomu yake ilipata Na. 214. Kabla hajafika stendi, meseji ilikuwa imeshaingia kwenye kitochi chake:

"Tumepokea fomu yako Na. 214 leo 2/12. Haijakubaliwa bado. Tutaikagua na kukujibu kwa meseji kabla ya Jumatano 4/12 saa 10 jioni. Usipoipata, piga kaunta."

Hizo ni herufi 153 ukihesabu na nafasi, na meseji moja mwisho wake ni 160. Naandika "tutaikagua", siandiki "itakaguliwa", maana ile ya pili haina mtu ndani yake na ukichelewa hakuna wa kuulizwa. Sentensi ya mwisho ndiyo niliyobishana nayo na wenzangu. Waliona inaalika simu. Kumbe inazizuia: mtu akijua lini ana haki ya kupiga, hapigi kabla.

Hapa niseme kitu cha pembeni kuhusu alama ya king'ong'o, kwa sababu kilitugharimu pesa. Wanachama wetu wengine wako Mang'ula, na meseji zao nilikuwa naziandalia kwenye kompyuta halafu nanakili kwenye mfumo wa kutuma meseji za pamoja. Mwisho wa mwezi salio likaisha kabla ya wakati. Kufuatilia, kila meseji yenye jina la Mang'ula ilikuwa imekatwa kama meseji tatu. Kumbe programu ya kuandikia inaigeuza ile alama iliyosimama wima ( ' ) kuwa iliyopinda ( ’ ), na iliyopinda haimo kwenye herufi za msingi za simu. Ikiwemo moja tu, meseji nzima inabadilishiwa mfumo wa herufi, na kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidisha hapo inakatwa vipande vya herufi 67. Sasa kabla ya kutuma naangalia alama hiyo kwanza, hata kama ni jina la mtu.

Turudi kwa Na. 214. Jumatano asubuhi nikaikagua, na utadhani ni mzaha: ukurasa wa tatu, mdhamini wa pili, hakuna sahihi. Safari hii nikaandika hivi:

"Fomu Na. 214 haijakamilika: sahihi ya mdhamini wa pili, ukurasa wa 3. Ikiletwa kabla ya Ijumaa 6/12 saa 9 alasiri itaingia kikao cha Alhamisi 12/12. Ikichelewa, kikao ni 9/1."

Imezidi 160, inakatwa kama meseji mbili, na nililipa bila kinyongo. Ile sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani. Mwanachama anayejua tunakaa kila baada ya wiki mbili angehesabu kwamba akikosa tarehe 12 ataingia tarehe 26. Lakini tarehe 26 Desemba ni sikukuu, kikao hakipo, na kinachofuata ni cha tarehe 9 Januari. Kwa mtu mwenye shamba la mpunga, wiki nne hizo ni msimu wenyewe.

Ijumaa saa 8 mchana akaja, na mdhamini wake amemshika mkono kabisa, asije akapotelea njiani. Yule bwana akasaini pale dirishani. Nikamtumia Mama meseji ya tatu, fupi: fomu imekamilika, iko kwenye orodha ya kikao cha Alhamisi 12/12, nitampigia mwenyewe Jumatatu 16/12 kumweleza uamuzi, na hana cha kuleta tena.

Halafu Alhamisi ikafika na kikao kikavunjika. Wajumbe wawili walikwenda msibani, akidi haikutimia. Zamani hapa ndipo tulipokuwa tunanyamaza, tukisubiri mtu apige mwenyewe ndipo aambiwe. Ila rejestani nilikuwa nimeongeza safu moja ya mwisho, "tarehe tuliyoahidi", na kila asubuhi kabla sijafungua dirisha naipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini. Majina 11 yalikuwa na ahadi ya tarehe 16. Jioni ile ile, ahadi ikiwa bado haijafika, wote 11 wakapata meseji: kikao hakikufanyika kwa sababu akidi haikutimia, kimehamia Jumatatu 16/12, uamuzi wako utaupata kwa simu Jumatano 18/12. Niliweka sababu kwa maneno machache. Ukisema tu "kimeahirishwa", mtu anaanza kuwaza kwamba pesa za chama zimeliwa.

Siku hiyo walipiga watu wawili. Mmoja aliuliza nani amefiwa, atume rambirambi.

Jumatano nikampigia Mama Mwalimu. Mkopo umepita, ila wamepunguza kidogo kiasi alichoomba kwa sababu ya akiba yake. Nikamweleza vizuri, na nikawa tayari nimeshika kalamu nifute jina lake kwenye ile safu. Akashukuru, akaniuliza habari za nyumbani, halafu akasema:

"Sasa mwanangu, na hela yenyewe inaingia lini? Maana mwenye trekta kaniuliza hapa hapa."

Nikabaki na kalamu juu. Tarehe ya kuingiza fedha ilikuwa kwa mhasibu, na katika meseji zangu zote hizo sikuwa nimeiandika popote. Nikamwomba asikate simu, nikaenda chumba cha pili, nikarudi nayo: Ijumaa 20/12, kabla ya benki kufungwa. Nikamtajia, akairudia kwa sauti akimtajia mtu aliyekuwa pembeni yake, na mimi nikaiandika kwenye safu mbele ya jina lake.