Siku moja nyuma ya kaunta ya dawa, Mwanjelwa

Saa mbili asubuhi nafungua duka. Baridi ya Julai hapa Mbeya huleta wa mafua kwanza, na hadi saa nne kazi ni panado, dawa ya kikohozi na kutafuta chenji. Ndiyo maana watu hutuona wauza duka tu.

Saa tano akaingia mama muuza viazi, shavu limevimba, cheti cha jino mkononi: amoksisilini 500 mg, 1x3 siku 5, ibuprofeni 400 mg, 1x3. Nikamuuliza kama penisilini imewahi kumdhuru, akasema hapana.

"Utazinywaje, mama?"

"Nikishakula, mwanangu."

"Unakula mara ngapi?"

"Mbili. Chai saa nne, ugali usiku."

Nyuma yake kaka mmoja akaanza kugonga kioo kwa sarafu. Nikamwacha agonge. Hata anayekula mara tatu huziweka zote mchana: saa moja, saa saba, saa moja usiku. Usiku unabaki muda wa saa kumi na mbili bila dawa. Amoksisilini haikai mwilini. Nusu yake hutoka kwenye damu kwa kama saa moja, na nguvu yake ni kutoachia nafasi ndefu wadudu wakazaliana upya. Hiyo 1x3 ni kila saa nane, na chakula hakiizuii: ule usile, inywe.

"Unaamka saa ngapi?"

"Kumi na moja, kupokea mzigo. Nalala saa tatu, saa nne."

Ikakaa sawa: kumi na moja alfajiri, saba mchana, tatu usiku. Usingizi haukatwi. Ya leo aimeze pale pale, nyingine saa moja usiku, kesho aingie kwenye ratiba. Nikakata ile 1x3 kwenye bahasha, nikaandika saa.

"Dada, mimi nataka ya kichwa tu!"

"Subiri, kaka."

Ibuprofeni ni habari nyingine. Hiyo hutuliza maumivu na uvimbe, na huchubua tumbo tupu. Nikamwambia ainywe na chai, ainywe na ugali.

"Na ya tatu nimpe nani?"

"Kama huumwi, iache. Hiyo haikuamshi usiku. Ila kapsuli za amoksisilini umalize zote kumi na tano, hata shavu likipungua."

Kaka akachukua dawa yake, akaondoka bila asante.

Mchana uliobaki ulipita miguu ikiwaka moto; sikumbuki nilikula saa ngapi, mimi ninayepangia wenzangu. Giza lilishaingia binti wa yule mama alipokuja mbio: mama alikuwa bado sokoni, saa moja imempita, sasa inakaribia saa mbili, je, anywe mbili kufidia?

"Moja, sasa hivi. Asirundike. Alfajiri aendelee kama nilivyoandika, na akaweke alamu kwenye simu."

"Simu yake ninayo mimi," akasema, akaniachia niitege.