Jinsi nilivyopanga sebule kwa vipande vya kadibodi kabla ya kuagiza sofa

Fundi wa sofa pale Kibuye, Kisumu, alikuwa tayari kupokea malipo ya kwanza ya seti ya viti saba: sofa ya watu watatu, ya watu wawili, na viti viwili vya mtu mmoja. Nilimwomba anipe kwanza vipimo vya nje vya kila kipande, kwa sababu mama yangu, ambaye hutoka Siaya kuja kukaa nasi, hutembea kwa fremu, na nilitaka kujua kama atapita.

Sebule yetu ina upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 4.5. Nilipima kutoka plasta hadi plasta, katika sehemu kadhaa za kila ukuta, nikachukua kipimo kidogo zaidi, kwa kuwa kuta za nyumba nyingi hazinyooki kikamilifu. Nilichora kwa kipimo cha 1:20, ambapo sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 20 sakafuni, hivyo chumba kikawa sentimita 18 kwa 22.5 na kutosha kwenye karatasi ya A4. Kipimo cha 1:100 hakifai kazi hii, kwa maana mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita unameza sentimita 5 za sakafu. Mlango wa mbele uko mwisho wa ukuta mfupi, upande wa kulia unapoingia, na mlango wa korido uko upande huohuo kwenye ukuta mfupi unaotazamana na huo. Kwa bikari nilichora tao la ubawa wa mlango unapofunguka, kwani eneo hilo haliwekwi kitu.

Kisha nilikata vipande vya kadibodi kwa kipimo kilekile. Mpango wa fundi ulikuwa viti vya mtu mmoja vitazamane na sofa kubwa, meza ikiwa katikati. Sofa ina kina cha sentimita 90, nafasi ya magoti hadi meza ni 45, meza 60, nafasi nyingine 45, na kiti 90. Jumla ni 330. Katika upana wa sentimita 360, njia ya kwenda korido ilibakiwa na sentimita 30. Fremu ya mama ina upana wa sentimita 62, na mimi nilitaka njia ya 90 ili mikono yake isikwaruze chochote.

Jambo lililonifunza zaidi lilikuwa kwenye kona. Sofa mbili zikikaribiana kwa umbo la herufi L, kadibodi huonyesha kwamba zimetoshea, lakini anayekaa mwisho wa moja hukuta ubavu wa nyingine mbele ya magoti yake, na kiti hicho hakikaliwi. Kwa hiyo niligundisha mbele ya kila sofa ukanda wa karatasi wenye upana unaowakilisha sentimita 45, uwe miguu ya mtu, nikakataa mpangilio wowote ambao ukanda huo ulifunikwa na fanicha nyingine.

Sofa ya watu wawili ilikwenda kwenye ukuta wa mlango, na ile ya watatu kwenye ukuta mrefu wa kushoto, ikianza sentimita 45 mbele ya ya kwanza. Ili zitoshe bila kubana kabati la televisheni, nilirudi kwa fundi na mchoro. Mikono ya sofa aliyokuwa amepanga ilikuwa na unene wa sentimita 25 kila mmoja.

"Mikono tunaweza kupunguza mpaka kumi na tano," aliniambia, "lakini hapo pa kukalia, sitini kwa kila mtu, hapo usiguse."

Sofa kubwa ikatoka sentimita 230 hadi 210 bila mtu yeyote kupoteza nafasi ya kukaa.

Viti viwili vikubwa tulivifuta. Mke wangu hakutaka kupunguza viti saba, naye alikuwa na haki, kwa kuwa wageni wetu huja pamoja. Mahali pa vile vikubwa tuliweka viti viwili vyepesi visivyo na mikono, vyenye kina cha sentimita 60, vikiegemea ukuta wa kulia kupita tao la mlango. Kati yavyo na meza inabaki sentimita 105. Watu wakivikalia, miguu yao huacha takriban 60, ambazo hazitoshi fremu, kwa hiyo mama akitaka kupita huwa lazima wasimame. Ndiyo maana kiti chake kiko mwisho wa sofa ndogo, ulio karibu na mlango, ambapo hufika bila kupita mbele ya mtu.

Kabla ya kulipa nilichora yote kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa halisi, nikamwomba mama apite na fremu yake kutoka mlangoni hadi korido. Alipita bila kukanyaga mstari.