Jumatano mbili: nilivyomjibu shosti wangu nikiwa na safari ya Bukoba

Ujumbe uliingia Jumatatu jioni, tarehe 7, nikiwa nachambua mchicha. Shosti wangu niliyesoma naye sekondari, aliyeolewa Tanga, alikuwa ameshafika Mwanza kwa mama yake na angeondoka Ijumaa tarehe 18. Akaandika: "Jumamosi hii saa kumi jioni tukae ufukweni tule sato, usinikatalie." Na mimi Jumamosi hiyo ningekuwa Bukoba kwenye mahari ya mdogo wangu. Tiketi ya meli ya Alhamisi usiku nilikuwa nayo tayari.

Jibu la kwanza nililoandika lilikuwa hili: "Pole shosti, Jumamosi nina safari. Tutaangalia siku nyingine." Nikalisoma mara mbili, nikalifuta. Nilishawahi kumtumia karibu maneno hayohayo alipokuja safari iliyopita. Akanijibu "sawa", akakaa siku zake, akarudi Tanga hatujaonana. Baadaye aliniambia kwamba kwao mtu akisema "tutaangalia" ameshakataa, ila anaona aibu kutamka. Mimi huku nilikuwa nasubiri aitaje hiyo siku nyingine!

Nikaweka mchicha pembeni, nikaichukua kalenda. Kabla ya safari nilikuwa na Jumatano jioni tu, kwa sababu Alhamisi ni ya kufunga mizigo na kuwahi bandarini. Kurudi, meli ingeondoka Bukoba Jumatatu saa tatu usiku na kutufikisha Mwanza Jumanne asubuhi. Nilitaka kumpa hiyo Jumanne, nikajikumbuka nilivyo baada ya kulala kwenye kiti usiku kucha: mtu ataongea nami nikisinzia. Nikairuka. Nafasi mbili zilizobaki zote zikawa Jumatano, na hapo ndipo tungeweza kupotezana. Ningeandika "Jumatano hii au Jumatano ijayo", yeye angehesabu vyake. Isitoshe, ukweni kwake wazee wakisema usiku wa Jumatatu wanamaanisha usiku wa kuamkia Jumatatu, yaani ule ambao mimi nauita Jumapili usiku. Kwa hiyo kila siku nikaiwekea tarehe, na usiku wa melini sikuutaja kama siku ya kurudi.

Nikamtumia hivi:

"Shosti wangu, karibu nyumbani! Nimefurahi mpaka nimemsomea baba watoto ujumbe wako. Jumamosi tarehe 12 nitakuwa Bukoba, mdogo wangu anatolewa mahari. Lakini safari hii huondoki hatujaonana. Chagua: kesho kutwa, Jumatano tarehe 9, saa kumi na moja jioni, hapa kwangu Bwiru, sato nakupikia mwenyewe. Au nikisharudi, Jumatano tarehe 16, saa nne asubuhi, tukutane Mwaloni Kirumba tuchague dagaa wako wa kupeleka Tanga, kisha tutafute pa kula mchana. Ukitaka tarehe 9 niambie kesho kabla ya saa sita mchana, niwahi samaki. Zote zikikushinda, nitajie saa yoyote ya Alhamisi tarehe 17, nitakuja mimi kwa mama."

Sababu ya safari niliimaliza kwa sentensi moja. Ningeanza kueleza mahari ilivyoahirishwa mara mbili na nani hataki kuja, ingesomeka kama najitetea. Dagaa niliwaweka makusudi, maana najua hawezi kurudi Tanga mikono mitupu, wifi zake wanamsubiri. Siku ile angekwenda Mwaloni hata bila mimi. Na ile ya kumfuata kwa mama yake niliiweka mwisho, kwa sababu pale hatuongei sisi, anaongea mama.

Hakuandika, alituma sauti, nyuma yake watoto wanapiga kelele. Tarehe 9 haikuwezekana, alikuwa anampeleka mama kliniki. Akachukua tarehe 16, ila akaomba iwe saa mbili, jua halijawa kali, na akaniuliza kama saa hiyo ni mapema mno kwa mtu aliyetoka safari. Nikamwambia mtoka safari atakuwa ameshalala Jumanne nzima. Jumanne hiyo, niliposhuka melini, nikamwandikia mstari mmoja tu: "Nimeshuka salama. Kesho tarehe 16, saa mbili, Mwaloni, palepale getini."

Nilimkuta ameshafika, ana ndoo mbili na mtoto mgongoni, anabishana bei na muuza dagaa kwa Kisukuma ambacho nilidhani Tanga imekwisha kumsahaulisha. Chakula cha mchana tulikula saa tisa.