Sindano yangu ndogo ilipodondoka kwenye basi

Nilikuwa natoka Mbeya kwenda Njombe kumwona mama, na njiani nilikuwa namfumia sweta la buluu. Juni ilikuwa inakaribia, na baridi ya Njombe mnaijua. Kifuani nilikuwa nimepanga misuko miwili, mmoja kila upande, ile inayoonekana kama kamba iliyosokotwa. Tulipokaribia Igawa basi likaruka tuta, na ile sindano fupi ninayoshikizia vitanzi wakati wa kuvikatiza ikadondoka, ikabiringika chini ya viti. Niliitafuta kwa miguu, kwa mkono, nikakata tamaa. Mpaka Makambako bado ilikuwa safari, na mimi kukaa bure kwenye gari siwezi.

Basi nikafanya bila hiyo. Kila msuko wangu ni vitanzi 4 vya kawaida, na kila upande wake viwili vya kinyume ili uonekane umeinuka. Kila baada ya mistari 6, kwenye upande wa nje wa sweta, viwili vya kwanza vinabadilishana nafasi na viwili vinavyofuata. Nahesabu kuanzia ncha ya sindano ya kushoto: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne.

Nikitaka msuko ulalie kushoto, sindano ya kulia naipitisha nyuma ya kazi, naichomeka kwenye cha tatu na cha nne. Kisha kwa kidole gumba na cha shahada nabana kitambaa chini kidogo ya vitanzi, na kuvichomoa vyote vinne kwenye sindano ya kushoto. Viwili vya mwisho vimebaki salama kwenye sindano ya kulia; viwili vya kwanza vinaning'inia mbele, havina kitu. Hapo ndipo moyo unapiga. Lakini ukibana vizuri havikimbii, maana vimevutwa kwa pembeni. Navidaka haraka kwa sindano ya kushoto, vikiwa vilevile mbele, halafu vile viwili vya kulia navirudisha navyo kwenye sindano ya kushoto. Sasa vimejipanga upya: cha tatu, cha nne, cha kwanza, cha pili. Navifuma vyote kama kawaida.

Wa kulalia kulia ni kinyume chake tu. Sindano ya kulia inapita mbele kwenda kwenye cha tatu na cha nne, viwili vya kwanza vinabaki wazi nyuma, na sindano ya kushoto inavidaka hukohuko nyuma.

Kosa langu lilitokana na mazoea. Ukitumia sindano ndogo, kanuni ni kwamba ukiiweka mbele msuko unalalia kushoto. Mimi nikaendelea kuimba "mbele ni kushoto", huku nikipeleka mbele sindano ya kulia. Lakini sindano hiyo haibebi vitanzi vya kwanza, inabeba vile vya mwisho. Kwa hiyo nilipata kulia nilipotaka kushoto. Mstari wa kukatiza wenyewe haukunionyesha kitu. Ni baada ya mistari minne ndipo kamba ya kushoto ilionekana kama imejikunja katikati. Mama alipolipokea sweta akaliangalia dakika moja tu.

"Mwanangu, huu mmoja mbona umevunjika shingo?"

Sikufumua sweta zima. Nilipofika kwenye ule msuko nikaachia vitanzi vyake 4 tu, nikavishusha mpaka chini ya lile katizo, zikabaki nyuzi za ngazi zikining'inia. Nikavipanga upya, safari hii viwili vya kwanza vikiwa mbele, kisha nikazifuma nyuzi zile moja baada ya nyingine kuanzia ya chini kabisa, kwa sindano mbili fupi zenye ncha pande zote. Ukiruka uzi mmoja utauona nyuma kama kamba legevu.

Kuhusu upande wa kulalia, mimi huifanya misuko ya kifuani itazamane: wa kushoto nalaza kushoto, wa kulia nalaza kulia. Ikilala yote upande mmoja, jicho linaona sweta kama limejipinda hata kama limekaa sawa. Na ukiligeuza sweta kichwa chini, mlalo haubadiliki, ila ile miwili inabadilishana nafasi, kwa hiyo iliyofunguka kwenda juu itaonekana imefungana. Anayefuma kuanzia shingoni aliangalie hilo kabla hajaanza.

Uzi wangu ulikuwa wa sufu, una vinyweleo vinavyong'ang'aniana, ndiyo maana nilithubutu ndani ya basi. Akriliki inayoteleza sijaiamini hivyo. Na msuko wa vitanzi 8, vinne juu ya vinne, bado natafuta kitu cha kushikizia. Juzi nilitumia njiti ya mshikaki niliyoipiga msasa.

Ile sindano kondakta hakuiona.