Nilisema "mnakaribishwa"

Karatasi ya tangazo nilipewa tukiwa tayari tunaimba wimbo wa mwisho kabla ya matangazo. Ilikuwa kipande cha daftari, mwandiko wa katibu wa usharika, mistari mitano tu. Mzee wetu mmoja alikuwa amefariki usiku wa kuamkia Jumamosi. Msiba uko nyumbani kwake, Igoma. Mazishi ni Jumatatu saa 8 mchana. Waumini wote mnaombwa kufika bila kukosa. Rambirambi zipitie kwa mhazini.

Ibada yetu pale Mwanza ilikuwa ya lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu ya madaktari na wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakisali nasi. Katibu alikuwa akisoma sentensi moja, nami nasimama pembeni yake naitafsiri. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mwaka mzima na makosa ya kawaida niliyajua. Nilijua kwamba usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa Kiingereza, ni Ijumaa usiku. Ukitaja Jumamosi umesogeza kifo siku nzima mbele. Nilijua kwamba saa zetu zinahesabiwa tangu jua lichomoze na zao tangu usiku wa manane na tena tangu adhuhuri, kwa hiyo saa 8 yetu ya mchana wao huiita saa mbili. Pembeni ya karatasi niliandika 14:00 ili ulimi usiniteleze.

Siku ile hayo yote niliyasema sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa nne.

"Mnaombwa kufika bila kukosa." Masikioni mwetu maneno hayo yana heshima na uzito kwa pamoja. "Mnaombwa" inakutambua kama mtu mzima, "bila kukosa" inakukumbusha kwamba ni jukumu lako. Nikiwa nimesimama pale nikaona kwamba nikiyageuza neno kwa neno, kwa Kiingereza yatasikika kama amri ya ofisini, na hii ni habari ya msiba. Nikalainisha. Nikasema kwamba wote mnakaribishwa kuhudhuria. Kuhusu "msiba uko nyumbani kwake" nikasema tu kwamba familia iko nyumbani.

Jumatatu tulizika. Viti vya plastiki vilijaa chini ya turubai hadi vingine vikaazimwa kwa jirani. Mgeni hakuonekana hata mmoja.

Nilipoingia ndani kumpa pole mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa usharika. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa." Akanyamaza kidogo. "Wale wageni wetu hawakupata habari? Mzee aliwapenda sana wale."

Kweli aliwapenda. Jumamosi moja alimchukua daktari mmoja na mkewe hadi mwaloni Kirumba akawafundisha kuchagua sato, akifunua mashavu ya samaki mmoja mmoja wauone wekundu wa samaki aliyevuliwa usiku uleule. Nilikosa la kumjibu mama yule.

Jioni nikaenda kwa daktari. Alishtuka. "Ulisema tunakaribishwa," akaniambia. "Tukaona ni jambo la familia, tusije tukawaingilia kwenye huzuni yao. Tuliandika kadi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kwao, kukaribishwa ni kuachiwa uamuzi, na kwenye kifo mtu mwenye adabu huchagua kukaa mbali. Sisi mwenye adabu ndiye anayekwenda. Nilikuwa nimelinda ulaini wa sauti nikapoteza kile ambacho tangazo lilikuwa likiomba. Na ule mstari wa msiba kuwa nyumbani ulikuwa umebeba maelezo ambayo Mswahili hahitaji kupewa: kwamba mlango uko wazi mchana na usiku, huhitaji mwaliko, na si lazima useme chochote. Mgeni alihitaji kuambiwa hayo waziwazi, hata kama mstari wenyewe ulikuwa na maneno matano tu.

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yake nikalitafsiri upya, taratibu: familia inawategemea, nanyi mkiwamo, nenda saa yoyote, ukae nao kidogo, inatosha. Akauliza rambirambi ni nini hasa. Nikamweleza kwamba ni pole zenyewe, na pia ni fedha ndogo inayosaidia gharama za msiba, wala hakuna kiwango. Hilo nalo Jumapili nililitaja kama salamu tu.

Tangu siku ile nilimwomba katibu aniletee karatasi Jumamosi, na kila tangazo nikawa namuuliza kwanza: asipokuja mtu, nani ataumia?

Kesho yake daktari na mkewe walifika Igoma. Viatu wakavua mlangoni. Mjane hakusema neno, alijisogeza tu upande mmoja wa mkeka, akapapasa pale palipobaki wazi.