Kibandameno changu hakikuchoka

"Mbegu yako imechoka, itupe." Hiyo ndiyo nasaha niliyopewa na nusu ya watu wa Ganda, kwetu. Kibandameno, aina ya muhogo niliyoachiwa na mama mkwe, kilikuwa kizuri ukikitazama kwa juu, lakini ukikata muhogo unakuta mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Mwingine akaniambia niongeze samadi. Nikalipa mikokoteni, pesa zikaenda, mihogo ikanenepa na mabaka yake.

Mbegu gani inayochoka? Kipande cha mti hakina baba. Hapana chavua hapo. Jicho linachipua kutoka kwa chembe za mti ule ule, na kila chembe mpya inanakili jeni zile zile. Basi kibandameno changu ni kile kile cha mama mkwe, utamu wake na udhaifu wake. Kilichoongezeka ni virusi vya michirizi ya kahawia, vinavyoletwa na inzi weupe na kukaa ndani ya shina. Ukikata kipando, umevikata navyo.

Kuwanyamazisha wabishi, nilipanda mbegu zenyewe. Tunda la muhogo likikauka hupasuka na kurusha mbegu, kwa hiyo niliyafunga matunda kwa vipande vya chandarua kuukuu, watu wakicheka kwamba nawakinga mihogo na malaria. Mbegu zilichelewa, kisha zikaota, na hakuna miwili iliyofanana! Mmoja vikonyo vyekundu, mwingine umetanuka chini kama mbuyu, na mmoja mchungu hata nikautema. Huo sikuwapa watoto. Miche hiyo ndiyo yenye baba. Vipando vya pembeni vyote kibandameno kitupu.

Basi nikaanza kuchagua mama. Mvua za masika zikishakolea, kabla majani ya chini hayajapukutika, napita nikitafuta umanjano kandokando ya mishipa ya majani hayo na michirizi kwenye shina bichi. Majani machanga yakijikunja na kuwa na mabato, hiyo ni batobato, maradhi mengine. Mti safi naufunga kitambaa. Wakati wa kuvuna, kila mti wenye kitambaa naikata mihogo yake yote: doa moja tu, mti wake hautoi vipando. Miti iliyobaki ndiyo naikata vipando, sehemu iliyokomaa, urefu wa shubiri hivi, macho matano hadi saba yakitazama juu.

Mti mwingine huficha ugonjwa, kwa hiyo uchaguzi ni kila msimu, na ukipakana na shamba bovu inzi watakurudishia. Lakini mihogo ya kutupa sasa ni michache mno kuliko zamani.

Marando ya viazi vitamu nayo ni hivyo hivyo, mama yule yule. Huko mimi nakata ncha tu, futi moja hivi, kwani fukuzi hutaga mayai kwenye shina lililokomaa karibu na ardhi. Anayechukua rando lote, mpaka kitakoni, anapanda na fukuzi wake.