Dakika saba zilizogeuka nne, na ile njiti ya kiberiti

Hii ilikuwa mwezi wa saba 2019 hapa hapa Tabora mjini, kikao cha siku moja cha wadau wa asali. Mi nlikuwa nafungasha asali tangu 2014, nanunua Sikonge na Kaliua, nachuja, naweka kwenye chupa, ila nje ya wateja wangu wa Ng'ambo hakuna aliyekuwa ananijua. Na nlikuwa nataka sana wanunuzi wakubwa wanijue kama mtu anayeelewa ubora wa asali, maana kuuza chupa kila mtu anauza.

Dada aliyekuwa anaandaa akanipigia, akasema kuna jopo la watu wanne, kila mtoa mada dakika saba alaf maswali. Nikakubali hapo hapo, usiku nikakaa kuandika, yani niliandika kila kitu ninachokijua: mizinga ya magome na ya masanduku, miti ya miombo, vifungashio, masoko, changamoto, slaidi 14. Nikajirekodi kwa simu. Dakika kumi na tisa! Na dakika mbili za mwanzo zote nlikuwa bado nasalimia na kutaja vyeo. Mume wangu alikuwa anasikiliza pembeni, akaniuliza, "Sasa mama watoto, kati ya hayo yote mtu akifika kwake jioni atamsimulia mwenzake lipi?" Sikuwa na jibu, nikalala nalo.

Asubuhi nikajua. Kila wiki kuna mtu ananirudishia chupa anasema asali yako imechakachuliwa, nimechovya njiti nimeiwasha haijawaka. Karibu kila nyumba hapa wanaamini hiyo njiti, na inaumiza wafugaji kwelikweli, kwasababu asali halisi kabisa ikivunwa mbichi ina maji mengi, kichwa cha njiti kinalowa, haiwaki, mzee wa watu anaitwa mwizi. Na sharubati nzito ya sukari, maji yake yakiwa machache, njiti inawaka vizuri tu. Kwahiyo njiti ikisema chochote, inasema habari ya unyevu, haijui kama ni nyuki au ni sukari. Nikafuta slaidi zote 14, nikabaki na hilo.

Nikajaribu nyumbani mara nyingi sana, maana kitu cha kuonyesha mbele za watu usipokijaribu kinakuangusha. Kuna mara asali mbichi iliwaka pia, inategemea umechovya kiasi gani na umeikwangua vipi, nikaona hilo lenyewe ni hoja: kipimo kinachobadilika hivyo huwezi kumhukumu mtu nacho. Alaf nikapanga maneno yangu kwa namna ambayo njiti ipo mwanzo kabisa na mengine yanafuata kwa uzito, ili wakinikata popote kiini kiwe kimeshatoka. Siku mbili kabla nikampigia yule mama atakayeongoza mjadala, nikamuomba swali moja aniulize mimi, "mkulima ambaye hana kifaa atajuaje asali imeiva?", na nikamtumia mistari miwili ya kunitambulisha. Sikuweka vyeo, niliandika tu kwamba huyu anapima maji kila ndoo kabla hajanunua. Nashauri hilo kwa yeyote, usipoandika mwenyewe watakutambulisha kama "mjasiriamali" basi, umepotea kwenye wajasiriamali wengine ishirini.

Siku yenyewe ratiba ilichelewa, kama mnavyojua mgeni rasmi. Aliyenitangulia alienda dakika kumi na sita anasoma slaidi. Zamu yangu inakaribia nikaletewa kikaratasi kimeandikwa "DK 4". Mikono ilikuwa ya baridi, ila sikuhitaji kupanga upya kitu, nilijua nakata mwishoni. Nikasimama nikasema "Mwangaluka", ukumbi ukaitikia, itifaki imezingatiwa, nikaweka mezani chupa mbili bila kusema ni nini. Njiti ya chupa ya kwanza ikawaka mara moja. Ya pili nikakwangua mara tatu, haikuwaka. Nikauliza ipi ni asali, mikono karibu yote ikaenda ya kwanza. Nikawaambia ya kwanza ni sukari niliyochemsha jikoni kwangu jana usiku, ya pili nimeitoa mwenyewe kwenye sega.

Kelele zilizotoka pale sijawahi kuzisahau.

Alaf nikatoa rifraktomita, kile kidude kama darubini ndogo, nikaweka tone la ile ya pili kwenye kioo chake, nikafunga kifuniko, sikusoma mimi. Nilimpelekea mzee mmoja mfugaji aliyekaa mstari wa mbele, nikamwambia baba elekeza dirishani, uone buluu inapokutana na weupe. Akakaa kimya muda, akasema kwa sauti, "Ishirini na tatu." Nikaeleza kwamba kiwango cha kimataifa, kile cha Kodeksi, kinataka maji yasizidi asilimia 20, na ikizidi hapo hamira za asili zilizomo zinaanza kazi, utaona povu juu na ukifungua inatoa hewa na harufu ya uchachu. Muda ukaisha hapo. Yule mama akaniuliza lile swali, nikajibu kwa sentensi mbili: kata sega ambalo nyuki wameshaziba kwa nta angalau robo tatu yake, na ndoo isikae wazi kipindi cha mvua maana asali inanyonya unyevu wa hewa.

Kijana mmoja wa Urambo akauliza kuhusu dawa za tumbaku kuingia kwenye asali. Nikamwambia sijui, hicho kifaa kinasoma maji tu, dawa zinahitaji maabara, niachie namba nikutafutie anayejua. Nilimtafutia kweli, ilinichukua wiki mbili, na huyo kijana ndo aliyekuja kuniletea watu wengi kuliko wote.

Nlikuwa na chupa 24 za kuuza kwenye begi, sikuzitoa. Nilijua nikianza kuuza pale watasema kumbe alikuwa anatangaza biashara. Badala yake nikasema mwenye asali yake aje chini ya mwembe nimpimie bure. Wakaja 17. Kila baada ya mtu nafuta kioo kwa kitambaa chenye maji alaf nakikausha kabisa, maana tone la maji likibaki asali ya anayefuata inasingiziwa. Naandika kwenye daftari: jina, kijiji, asilimia, namba ya simu. Sita walizidi 20, na wote sita nilipowauliza walikuwa wamekata masega ambayo hayajazibwa.

Mwezi wa tisa akapiga mnunuzi wa Dar, alisimuliwa habari ya njiti na mtu aliyekuwa ukumbini. Hakutaka asali yangu, alitaka nimpimie ndoo 40 kabla hajalipa. Hiyo ndo ilikuwa hela yangu ya kwanza kulipwa kwa kujua. Sikonge wakaanza kuniita "mama wa maji".

Yule mzee wa mstari wa mbele alikuja mwezi wa kumi na mbili na ndoo yake kwenye baiskeli, amefunika vizuri na mfuko. Nikatoa kifaa. Akanyoosha mkono, akasema, "Lete mwanangu, nianze mimi." Akageukia mlangoni kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Kumi na nane," akasema, akanipa na mimi nitazame.